Andika Namba Tatu Kabla ya Kuigusa Ruta: Utatuzi wa Matatizo ya NAT Nyumbani

Simu nyingi ninazopokea huanza na maneno yaleyale: "Fundi, intaneti imekufa." Nikifika naikuta hai kabisa, ila anwani zimevurugana. Kifaa kinatafutwa upande usio wake, ruta mbili zinagombea namba moja, au mtu wa nje anabisha hodi kwenye mlango ambao haupo. Nimeyapanga matatizo haya kwa dalili ninazozisikia mara kwa mara, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea zaidi.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotokea ndani ya lile boksi lenye antena.

Wengi wetu tumekua tukitumia sanduku la posta la shule au la misheni. Barua kutoka mbali iliandikwa S.L.P. 45 tu. Ndani ya shule kulikuwa na karani aliyejua barua hii ni ya mwalimu wa nyumba namba tatu na ile ni ya mpishi. Ruta yako ndiye karani huyo. Kampuni ya intaneti imekupa anwani moja ya nje, na ndani ya nyumba ruta inagawa namba zake za nyumbani kwa simu, runinga, laptopu na printa. Simu ikituma ombi nje, ruta inafuta namba ya ndani, inaweka ile ya nje, kisha inaandika kwenye daftari lake nani ameomba nini. Jibu likirudi, inasoma daftari na kulipeleka kwa mwenyewe. Kazi hiyo ya kubadilisha anwani ndiyo inayoitwa NAT.

Daftari lenyewe, kama ungeweza kulichungulia, lina mistari ya aina hii:

```
ndani                 nje                   kwenda kwa
192.168.1.23:51514    203.0.113.25:40001    198.51.100.7:443
192.168.1.40:51514    203.0.113.25:40002    198.51.100.7:443
```

Namba iliyo baada ya nukta mbili ni poti. Simu mbili zimefungua tovuti ileile, tena kwa bahati kutoka poti yenye namba ileile, 51514. Nje zinatoka na anwani moja, lakini ruta imezipa poti tofauti, 40001 na 40002, na kwa tofauti hiyo ndogo majibu hayachanganyiki. Ona pia kwamba mstari huandikwa pale tu mtu wa ndani anapoanza kutuma. Barua ikifika bila mstari wake daftarini, karani hana wa kumpa, anaitupa. Dalili kadhaa zilizo hapa chini zinatokana na sentensi hiyo moja.

Namba za ndani hazichaguliwi ovyo. Mwaka 1996 yalitengwa mafungu matatu kwa matumizi ya faragha, na mwaka 2012 likaongezwa la nne kwa ajili ya makampuni ya intaneti:

```
10.0.0.0     hadi  10.255.255.255
172.16.0.0   hadi  172.31.255.255
192.168.0.0  hadi  192.168.255.255
100.64.0.0   hadi  100.127.255.255   (kampuni ya intaneti)
```

Anwani za mafungu haya hazisafirishwi kwenye intaneti ya dunia. Kwa hiyo nyumba yako na ya jirani zinaweza zote kuwa na 192.168.1.5 bila ugomvi wowote. Angalia mipaka yake vizuri. 172.31 ni ya faragha lakini 172.32 si ya faragha, na nimewahi kumwona fundi mwenzangu akipoteza mchana mzima kwa sababu ya namba hiyo moja.

## Namba tatu

Kabla ya kuzima chochote, chukua karatasi.

Ya kwanza ni anwani ya kifaa chenyewe. Kwenye simu, gusa jina la waifai uliyounganishwa nayo, utaiona. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`, usome `IPv4 Address`. Andika na `Default Gateway`, hiyo ni anwani ya ruta.

Ya pili ni anwani ya nje ya ruta kama ruta yenyewe inavyoijua. Ingiza ile `Default Gateway` kwenye kivinjari, fungua ukurasa wa ruta, tafuta palipoandikwa `Status`, `Internet` au `WAN`.

Ya tatu ni anwani ambayo dunia inaiona. Kwenye laptopu andika:

```
curl -4 ifconfig.me
```

Fanya hivyo ukiwa kwenye waifai ya nyumbani, VPN ikiwa imezimwa. Watu husahau na kupima kwa bando la simu, kisha wananitumia namba ya mtandao mwingine kabisa.

Sasa linganisha ya pili na ya tatu. Zikifanana, una NAT moja tu, ya ruta yako. Ya pili ikianza na 192.168, mbele ya ruta yako kuna ruta nyingine. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kampuni imekuweka nyuma ya NAT yake pamoja na wateja wengine. Ikianza na 10, huweza kuwa mojawapo ya hayo mawili: fuata waya. Ukitoka kwenye ruta yako na kukuta boksi jingine linalogawa anwani, ni hilo. Ukikuta waya unaenda moja kwa moja kwenye kifaa cha faiba au kwenye sahani ya paa, ni kampuni.

## Dalili: "Imeunganishwa, lakini hakuna intaneti"

Tazama namba ya kwanza. Laptopu ya Windows ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipachika yenyewe. Simu hubaki ikizunguka kwenye "inapata anwani ya IP" kisha hukata tamaa.

Chanzo cha kwanza ni ruta iliyoganda. Izime, subiri nusu dakika, iwashe. Hapa nasema kuzima na kuwasha. Usichomeke kijiti kwenye kitundu cha `Reset`. Kitundu hicho hufuta mipangilio yote. Kwenye kifaa cha kampuni hufuta pia jina na nywila zinazokutambulisha kwao, na hutarudi hewani mpaka fundi wao aziweke upya.

Chanzo cha pili hukikuti sana nyumbani, ila kwenye gesti na migahawa ni cha kila wiki: anwani zimeisha. Ruta imeambiwa igawe kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149. Hizo ni 50. Kila mteja aliyelala jana ameondoka na anwani yake kwa muda wa saa 24, ingawa yeye mwenyewe yuko njiani kwenda Morogoro. Mteja wa 51 anaona waifai imejaa pau zote na haipati kitu. Ingia kwenye ukurasa wa `DHCP`, yaani ugawaji wa anwani, panua fungu liwe kuanzia .20 hadi .250, na upunguze `Lease Time` iwe saa mbili. Ukurasa huohuo huonyesha orodha ya waliokwishapewa, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha.

Chanzo cha tatu ni cha ujanja kidogo. Dalili yake ni kwamba baadhi ya vifaa vinafanya kazi na vingine havifanyi, tena vinabadilishana zamu. Kuna ruta ya pili ambayo mtu ameichomeka kwa kutumia poti ya `LAN` akidhani ni swichi. Sasa makarani ni wawili katika sanduku moja, na kila mmoja anagawa namba. Linganisha `Default Gateway` ya kifaa kizima na ya kilichokwama. Zikitofautiana, umempata. Ingia kwenye ruta ile ya pili uzime `DHCP` yake.

Kama anwani ya kifaa ni nzuri, 192.168.1.23 kwa mfano, lakini namba ya pili ni 0.0.0.0 au haipo, NAT haina kosa: ruta yako haijapewa anwani na kampuni. Angalia kama taa ya `LOS` kwenye kifaa cha faiba ni nyekundu. Ikiwa nyekundu, simama hapo. Usichomoe waya wa faiba kuupuliza wala kuuchungulia, kwa kuwa mwanga uliomo hauonekani kwa macho na huweza kuyadhuru. Hiyo ni kazi ya kampuni.

## Dalili: Umenunua ruta nzuri zaidi, ukaichomeka nyuma ya ile ya kampuni, kila kitu kikasimama

Karibu kila mara ni mgongano wa fungu. Ruta ya kampuni inagawa 192.168.1.x. Ruta mpya nayo ilitoka kiwandani ikigawa 192.168.1.x. Sasa imepewa 192.168.1.7 kwa nje, na ndani ina 192.168.1.1. Ikipata pakiti ya kwenda 192.168.1.1, yaani kwa ruta ya kampuni, inadhani anaitwa yeye mwenyewe, na pakiti haitoki ndani ya nyumba. Baadhi ya ruta za siku hizi hugundua hilo na kujihamishia 192.168.0.x au kwingine. Nyingi hukaa kimya tu.

Dawa ya haraka ni kubadilisha anwani ya ndani ya ruta mpya iwe kitu kisicho cha kawaida, kama 192.168.50.1. Intaneti itarudi papo hapo. Lakini sasa una NAT mbili, na matokeo yake ni dalili nyingine ninayoipata wiki moja baadaye: "Printa haionekani."

Printa imebaki kwenye waifai ya zamani, 192.168.1.30. Laptopu imehamia mpya, 192.168.50.12. Laptopu inapotafuta printa hupaza sauti ndani ya mtandao wake tu, na sauti hiyo haivuki ruta. Ajabu ni kwamba ukimwandikia laptopu anwani ya printa kwa mkono, itachapisha, kwa sababu laptopu iko ndani na inatuma kuelekea nje, na mstari unaandikwa daftarini. Kinyume chake hakiwezekani: kilichoko kwenye waifai ya zamani hakiwezi kukianza kilichoko kwenye mpya. Ndiyo maana simu huweza kurusha video kwenye runinga leo na kesho ikakataa. Kesho umekaa upande wa pili.

Kwa nyumba ya kawaida sioni sababu ya kuwa na NAT mbili. Ingia kwenye ruta mpya, tafuta `Operation Mode`, chagua `Access Point`. Itaacha ukarani, itabaki kusambaza waifai tu, na vifaa vyote vitakuwa chini ya daftari moja. Kama unataka ruta mpya ndiyo iwe karani, iombe kampuni iweke kifaa chao kwenye `Bridge`. Wengine hukubali kwa simu moja. Usijaribu kukibadilisha mwenyewe, kwa kuwa ukikosea utajifungia nje ya ukurasa wake.

Kama printa na laptopu zina anwani za fungu moja na bado hazionani, angalia kama mojawapo imeingia kwenye waifai ya wageni. Ile hutenganisha vifaa kwa makusudi.

## Dalili: Kamera zinaonekana nyumbani, ukitoka nje hazionekani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pesa nyingi hupotea hapa.

Kumbuka karani na daftari. Wewe uliye nje unataka kuanza mazungumzo na mashine ya kurekodi iliyo ndani. Hakuna mstari daftarini, kwa hiyo ruta inatupa ombi lako. Njia ya zamani ya kulitatua ni kumwachia karani maagizo ya kudumu: kila kinachokuja kwenye poti 8000, mpe 192.168.0.64. Maagizo hayo huandikwa kwenye ukurasa wa `Port Forwarding`, au `Virtual Server` kwenye ruta nyingine.

Yakishindwa, vyanzo hufuatana hivi. Kwanza, mashine imebadilisha anwani. Umeme ulikatika, uliporudi vifaa vyote vikaomba anwani upya, mashine ikapewa .71, na maagizo bado yanasema .64. Dawa yake ni kuifungia mashine anwani yake kwenye ukurasa wa `DHCP`, sehemu ya `Address Reservation`. Pili, kuna NAT mbili, na maagizo yameandikwa kwa karani wa ndani tu, huku yule wa mlango wa nje hajui lolote. Tatu, kampuni ina NAT yake, na huko huna ruhusa ya kuandika maagizo.

Kuna na kosa la kupima ambalo si kosa la mtandao. Mtu anakaa sebuleni, yuko kwenye waifai, anaingiza anwani yake ya nje, haioni kamera, anadhani imeshindikana. Ruta nyingi za nyumbani haziwezi kupokea barua iliyotoka ndani ikielekea kwenye sanduku lao wenyewe na kuirudisha ndani. Zima waifai, tumia bando la simu, ndipo upime.

Sasa kisa chenyewe. Mama mmoja wa Tabata aliwekewa kamera nne na kijana wake anayefanya kazi Maskati. Kijana alitaka kuangalia geti usiku. Fundi aliyefunga alielekeza poti, akaonyesha picha kwenye simu akiwa palepale uani, akalipwa, akaondoka. Maskati ikawa giza miezi miwili.

Nilipofika nilianza na mashine. Anwani yake ilikuwa 192.168.0.71, maagizo yalisema .64. Nikaifungia .64, nikajipongeza. Kupima kwa bando: hakuna kitu. Nikatazama ruta: anwani yake ya nje ilikuwa 192.168.1.7. Aha, ruta mbili. Nikaomba nywila ya ruta ya kampuni, tukaitafuta, ikapatikana nyuma ya kabati, nikaandika maagizo na huko. Kupima: hakuna kitu. Hapo saa mbili zimeshapita na chai ya mama imeshapoa. Ndipo nikafungua ukurasa wa hali wa ruta ya kampuni:

```
mashine ya kamera     192.168.0.64
ruta ya ndani, nje    192.168.1.7
ruta ya kampuni, nje  100.72.14.9
dunia inaona          203.0.113.25
```

(Hiyo ya mwisho nimeiweka ya mfano, si ya nyumba yao.) 100.72 iko ndani ya fungu la kampuni. Kulikuwa na makarani watatu, na wa tatu hakuwa wa nyumba hiyo. Hata ningeelekeza poti mpaka asubuhi, barua kutoka Maskati ingeishia kwa kampuni. Kama ningeandika namba zote kabla ya kugusa kitu, ningejua hilo kwa dakika tano. Tangu siku hiyo karatasi hutoka kwanza kwenye begi.

Ukiwa na laptopu ya Windows, unaweza kuwahesabu makarani kwa amri moja:

```
tracert -d 8.8.8.8
```

Kwa nyumba ile vituo vya kwanza vilikuwa 192.168.0.1, kisha 192.168.1.1, kisha anwani ya fungu la 100.64. Usiitegemee peke yake, kwani kampuni huweza kutumia anwani za faragha kwenye mitambo yake bila kubadilisha anwani yako. Ulinganisho wa namba ya pili na ya tatu ndio hukumu.

Nini kilifanyika Tabata? Niliacha kuupigania mlango. Mashine nyingi za kamera zina sehemu iitwayo `P2P` au `Cloud`. Ukiiwasha, mashine yenyewe hutoka nje kwenda kwenye seva ya mtengenezaji na kuendelea kugusana nayo. Kwa kuwa imeanza yenyewe, makarani wote watatu wanaandika mstari, na simu ya Maskati inaikuta kupitia seva ile. Kijana aliskani alama iliyobandikwa chini ya mashine, picha ikatokea. Maagizo yote ya poti niliyafuta kabla sijaondoka.

Njia nyingine ni kuilipa kampuni ikupe anwani ya umma. Baadhi hutoza kwa mwezi, baadhi hutoa kwa vifurushi vya biashara tu. Uhaba wake una sababu: anwani za mtindo huu, IPv4, ni kama bilioni 4.3 kwa jumla, na mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Ukipata anwani ya umma, ni afadhali uweke VPN kwenye ruta na uingie kupitia hiyo kuliko kuiacha kamera uchi.

Onyo. Poti iliyofunguliwa kuelekea kamera huonwa na dunia nzima, wala haupiti muda mrefu kabla haijabishwa hodi. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilikusanya kamera na mashine za kurekodi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, ikazitumia kuangusha huduma kubwa za mtandaoni. Kama mashine yako bado ina nywila iliyokuja nayo, usifungue poti yoyote. Na hiyo `P2P` nayo inakwenda kwa mtu usiyemjua, kwa hiyo kamera ya geti sawa, kamera ya chumbani hapana. Kwenye ruta zilizo na `DMZ Host`, mtu atakushauri uiweke mashine humo ili "kila kitu kifunguke." Kweli kitafunguka, chote. Usikubali.

## Dalili: VPN ya ofisi inaunganishwa, lakini mafaili ya ofisi hayafunguki

Tangu watu waanze kufanyia kazi nyumbani, hii imekuwa ya kawaida, na wengi huilaumu ofisi. Uliza seva ya ofisi ina anwani gani. Ikiwa 192.168.1.10 na nyumbani kwako unatumia 192.168.1.x, umeshapata jibu. Laptopu inaona namba hiyo ni ya jirani wa sebuleni, inaitafuta kwenye waifai badala ya kuipitisha kwenye VPN. Wakati mwingine hata hupata kitu: runinga yako ndiyo .10, na laptopu inaiomba runinga mafaili ya mishahara.

Badilisha fungu la nyumbani, kwa kuwa la ofisi lina watu wengi. Kwenye ruta, ukurasa wa `LAN`, andika 192.168.87.1 au namba nyingine isiyopendwa. Ruta itawaka upya, na vifaa vitapata anwani mpya, isipokuwa vile ulivyoviandikia anwani kwa mkono. Hivyo vitapotea mpaka uvirekebishe. Kama ofisi inatumia fungu zima la 10, usichague chochote kinachoanza na 10.

Ukishabadilisha na bado haifanyi kazi, mwachie mtu wa mitandao wa ofisi. Mpe anwani yako ya ndani mpya na anwani ya seva. Usiguse mipangilio ya VPN ya laptopu ya kazini.

## Dalili: Simu ya intaneti inakatika mtu akinyamaza, au mchezo unasema `NAT Type: Strict`

Mstari wa daftari haudumu milele. Ukikaa bila kutumika, ruta huufuta ili kupata nafasi. Kwa mazungumzo ya TCP husubiri muda mrefu, lakini kwa UDP, ambayo ndiyo hubeba sauti na michezo, ruta zinazotumia Linux kwa kawaida huanza na sekunde 30 tu kama majibu hayajarudi. Mtu akikaa kimya, mstari unafutwa, na sauti ya upande wa pili inafika mlangoni na kutupwa. Programu nzuri hutuma pakiti ndogo kila baada ya muda ili mstari usifutwe. Ukitumia WireGuard, ni mstari huu kwenye faili lake:

```
PersistentKeepalive = 25
```

Sekunde 25, chini ya 30. Si namba ya bahati nasibu.

Kwa mchezo, kwanza ondoa NAT ya pili kama ipo. Kisha washa `UPnP` kwenye ruta, ili koni ya michezo iweze kumwomba karani maagizo yenyewe. Tatizo la `UPnP` ni kwamba kifaa chochote cha ndani kinaweza kuomba, pamoja na kile kilichoingiliwa na virusi. Mimi huiwasha kwa nyumba yenye koni na kuizima kwa nyumba isiyo nayo. Ukiwa nyuma ya NAT ya kampuni, huenda ukabaki `Strict` hata ufanye nini ndani.

## Dalili: Tovuti zinakuuliza kama wewe ni roboti, au jioni kurasa zinafunguka nusu

Namba ya pili ikiwa ya fungu la 100.64, tovuti haikuoni wewe, inaona anwani moja yenye wateja wengi. Mmoja wao akituma takataka, wote mnashukiwa. Kurasa kufunguka nusu huweza kuwa na sababu hiyohiyo: anwani moja ina poti 65,536, na kampuni ikiigawa sawasawa kwa wateja 64, kila nyumba inabaki na 1,024. Ukurasa mmoja wa habari hufungua miunganisho mingi kwa mara moja. Watoto watatu, runinga na laptopu jioni, zinakwisha.

Kabla ya kuilaumu kampuni, chomeka laptopu moja kwa waya, zima waifai, na upime jioni ileile. Ikiwa nzuri, tatizo ni waifai yako au kifaa kinachofungua miunganisho ovyo. Chomoa vifaa kimoja kimoja. Ikiwa bado mbaya, piga simu, na usiseme "intaneti ni mbovu," kwa sababu watakuambia uzime ruta uwashe. Wasomee karatasi: "Ruta yangu ina 100.72.14.9 kwa nje, dunia inaona 203.0.113.25, tatizo ni saa moja jioni hadi saa nne, na nimepima kwa waya. Naomba kuhamishiwa anwani nyingine ya nje, au nijue bei ya anwani ya umma." Anayepokea simu huenda asielewe, lakini ataandika hivyohivyo na kumpa anayeelewa.